Mwongozo kamili: sistimu yako iulize lini, ikisie lini

Shida naiona ni ileile kila mara. Mtu anatengeneza sistimu inayopokea meseji za watu na kuzifanyia kazi, mwanzoni inakisia kila kitu, watu wanalalamika imekosea, anaweka swali la "Una uhakika?" kila kona, watu wanalalamika tena kwamba maswali yamezidi, anayatoa yote na anajikuta amerudi palepale alipoanza. Wengine wanachagua namba moja tu, eti uhakika ukiwa chini ya asilimia 80 basi iulize, na ukimuuliza hiyo 80 ameitoa wapi anakaa kimya.

Hiyo namba haiwezi kuwa moja kwa sistimu nzima. Inatoka kwenye vitu viwili, hasara ya kukosea na kero ya kuulizwa, na vyote viwili vinabadilika kutoka kazi moja kwenda nyingine. Ukivipima kwa kipimo kimoja, sheria inajitokeza yenyewe kwenye hesabu.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho, meseji inayosema "kesho saa 2". Msomaji wa Kiswahili anaujua utata wake. Mmoja anamaanisha saa mbili asubuhi ambayo kwenye simu inasomeka 08:00, mwingine kaona simu yake inaandika 2:00 mchana naye kaandika hivyohivyo huku anamaanisha saa nane, yaani 14:00, na wa tatu anaongelea saa mbili usiku, 20:00. Namba nitakazotumia ni za mfano, zako utazipata mwenyewe kwa kufuata hatua.

## Andaa hivi kwanza

- Meseji halisi kama 200 zenye utata huohuo, na kila moja ujue mwandishi wake alimaanisha nini. Siyo unavyodhani wewe, alivyosema yeye.
- Orodha ya kazi ambazo sistimu inazifanya baada ya kusoma huo muda (kukumbusha, kuweka miadi, kutuma kitu, kufuta kitu).
- Jedwali la kawaida la kompyuta la kufanyia hesabu, halihitaji ufundi.
- Logi inayoandika vitu vinne: sistimu ilidhani nini, ilifanya nini, mtu alijibu nini, na alichukua sekunde ngapi kujibu.

Hizo meseji 200 ndipo watu wengi wanakwama maana hawana majibu ya kweli. Njia rahisi ni kuuliza kila mtu kwa kipindi kifupi mpaka zifike 200, hata kama ni kero. Hiyo kero unailipa mara moja kwa makusudi, na bila hiyo kila kitu kinachofuata ni ubashiri juu ya ubashiri.

## Hatua ya 1: Tenganisha kwa kazi, usitenganishe kwa maneno

Chukua "saa 2" na uandike kazi zote inazoweza kuzianzisha. Kwenye mfano wangu ni mbili. Ya kwanza, "nikumbushe kesho saa 2 nina kikao". Ya pili, "niwekee miadi kesho saa 2", ambayo inashika nafasi kwenye ratiba ya mtu mwingine.

Sababu ya kutenganisha ni kwamba utata wa maneno ni uleule lakini kosa halifanani hata kidogo. Kwenye ukumbusho anayeumia ni mwenye meseji peke yake, kwenye miadi kuna mtu wa pili amekaa anasubiri na nafasi ambayo wengine wangeitumia imekufa.

Utajua umefanya vizuri kama kila mstari wa orodha yako unaweza kumaliziwa na sentensi "ikikosea hapa, kitakachotokea ni…" na mwisho wa sentensi ni tukio moja linaloonekana. Ukiona unaandika "mtumiaji hatafurahi", bado hujafika, rudi uulize atafanya nini hasa.

## Hatua ya 2: Pima hasara ya kosa kwa dakika, na upime kila upande

Mimi napima kwa dakika. Pesa watu wanabishana, nyota za kuridhika hazijumlishiki, lakini dakika kila mtu anazielewa na unaweza kuziweka kosa na swali kwenye mzani mmoja.

Sasa hapa ndipo wengi wanateleza, wanaandika hasara moja ya "kukosea" wakati kosa lina mwelekeo. Tuseme ukumbusho. Kama ukweli ni saa nane mchana na sistimu ikakumbusha saa mbili asubuhi, mtu anashtuka, anaona si wakati wake, anaweka upya. Zingine ataahirisha halafu asahau, kwa hiyo kwa wastani weka dakika 5. Lakini kama ukweli ni saa mbili asubuhi na sistimu imemkumbusha saa nane mchana, kikao kimeshapita, hapo weka dakika 60. Kosa la kuwahi na kosa la kuchelewa yanapishana mara 12.

Kwenye miadi ni tofauti, ukiwahi au ukichelewa ni balaa ileile maana nafasi imeshikwa saa isiyo yake na mtu atafika saa ambayo hana nafasi. Pande zote mbili nimeweka dakika 90, nikihesabu muda wa watu wawili.

Usihangaike kupata namba kamili. Waulize watu watano waliowahi kukumbwa na kosa hilo, walipoteza muda gani kulirekebisha, chukua ya katikati na usonge mbele. Baadaye tutaona kama namba ikiyumba uamuzi unabadilika au la.

## Hatua ya 3: Pima kero ya swali, na usiishie kwenye sekunde za kujibu

Kusoma swali na kubonyeza jibu ni kama sekunde 10. Ukiweka hiyo peke yake swali litaonekana la bure na sistimu yako itauliza kila kitu. Kuna sehemu tatu zingine.

Kuna wanaoondoka. Ili kuipata, gawa watu kwa bahati nasibu, nusu waulizwe na nusu wasiulizwe, halafu linganisha wangapi wanaacha kazi katikati. Tuseme kwa walioulizwa anaongezeka mmoja kwa kila 100, na kazi iliyoachwa ingemwokolea dakika 30. Hiyo ni dakika 0.3 kwa kila swali. Jumlisha na zile sekunde 10, unapata karibu dakika 0.5. Hiyo ndiyo kero ya swali moja kwenye mfano wetu, mara tatu ya sekunde zenyewe.

Kuna wasiojibu kabisa, na hawa hawajaondoka, wamesoma wakasema nitajibu baadaye, au wameona meseji yao ya mwanzo imetosha. Tuseme ni 12 kwa 100. Swali la kujiuliza ni sistimu inafanya nini kwenye ukimya. Nimeshuhudia sistimu ya ukumbusho ambayo ilikuwa inauliza "asubuhi au mchana?" na isipojibiwa haiweki kitu chochote, yaani mtu analala akijua amepanga kumbe hakuna kilichopangwa. Swali lililowekwa kupunguza makosa likawa ndilo linalotengeneza kosa kubwa kuliko yote. Usiweke swali lolote kabla hujaandika ukimya maana yake nini.

Na kuna wanaobonyeza vibaya. Hata ukiuliza vizuri, mmoja kwa 100 hivi atagusa jibu lisilo lake, na kadiri unavyouliza mara nyingi ndivyo watu wanavyobonyeza bila kusoma. Kwa hiyo maswali mengi hayaongezi kero tu, yanapunguza ubora wa majibu yenyewe.

Kingine, swali la pili kwenye mazungumzo yaleyale linaudhi kuliko la kwanza. Mimi huwa nazidisha mara mbili, na naweka kikomo cha swali moja kwa meseji. Kama vitu viwili vina utata, uliza kile ambacho jibu lake linaokoa dakika nyingi zaidi na kingine kikisie.

## Hatua ya 4: Pata uwezekano, na kwanza tumia habari za bure

Kwenye meseji zangu 200 za mfano, 148 walimaanisha 08:00, 36 walimaanisha 14:00 na 16 walimaanisha 20:00. Yaani asilimia 74, 18 na 8.

Lakini kabla ya kufikiria swali, angalia sistimu inajua nini tayari. Kama meseji imesema "leo saa 2" na imetumwa 10:00, ile ya 08:00 imekufa, imepita. Kama ni miadi na ratiba inaishia 17:00, ile ya 20:00 haipo, na hapo uwezekano unaupiga upya kwa waliobaki, 148 kati ya 184, ambayo ni asilimia 80, dhidi ya 20. Kama mtu huyohuyo wiki iliyopita aliandika "saa 8 mchana", basi anahesabu kwa saa ya Kiswahili na saa 2 yake karibu hakika siyo 14:00. Kila utata unaouondoa hivi haumgharimu mtu kitu.

Kama una programu inayokupa asilimia yenyewe, usiiamini mpaka uipime. Chukua meseji zote ambazo ilisema ina uhakika kati ya asilimia 80 na 90, hesabu ni ngapi ilipatia kweli. Ikiwa ilipatia 65 tu kwa 100, basi hiyo 65 ndiyo utakayoitumia kwenye hesabu. Fanya hivyo kwa kila kundi. Programu nyingi zinajiamini kupita uwezo wake hasa huko juu, na juu ndiko maamuzi ya kutouliza yanakofanyika.

Mafanikio hapa yanaonekana hivi: kwenye kila kundi, kilichodaiwa na kilichotokea vinakaribiana, tofauti isizidi pointi kadhaa.

## Hatua ya 5: Hesabu njia tatu, siyo mbili

Watu wanadhani kuna kuuliza na kukisia tu. Ipo ya katikati, na mara nyingi ndiyo inashinda: kukisia huku unaonyesha ulichokisia na kumwachia mtu njia fupi ya kusahihisha. "Nimeweka kesho saa 2 asubuhi (08:00). Kama siyo, jibu B kwa saa 8 mchana, C kwa saa 2 usiku." Kazi imeshafanyika, mtu akinyamaza hakuna kilichoharibika zaidi ya ambavyo kingeharibika kwa kukisia.

Tupige ya ukumbusho, taratibu.

Kukisia kimyakimya. Tukikisia 08:00 tutakosea mara 26 kwa 100, lakini makosa yote ni ya kuwahi, dakika 5 kila moja. 0.26 × 5 = dakika 1.3 kwa kila meseji. Tukikisia 14:00 tunawachelewesha wale 74 wote, hesabu inaruka mpaka dakika 44.8. Chukulia kidogo mfano ambapo 08:00 ingekuwa asilimia 30 tu na 14:00 ni 70: kukisia 14:00 kungegharimu 0.30 × 60 = 18, kukisia 08:00 kungegharimu 0.70 × 5 = 3.5. Yaani ungekisia kile chenye uwezekano mdogo na ungekuwa sahihi. Kisio zuri ni lile lenye hasara ndogo kwa wastani, na siyo lazima liwe ndilo linaloelekea kuwa kweli.

Kuuliza. Kero 0.5. Wasiojibu 12 kwa 100 tunawawekea 08:00, kwa hiyo 0.12 × 1.3, karibu 0.16. Wanaobonyeza vibaya, 0.01 × 60 = 0.6. Jumla karibu dakika 1.26.

Angalia hapo, kuuliza 1.26 na kukisia kimya 1.3, kwa kweli ni sawa. Swali ambalo kila mtu angeapa kwamba linahitajika halinunui chochote.

Kukisia ukionyesha. Kusoma ule mstari weka 0.05. Kati ya makosa 26, tuseme 60 kwa 100 wanaona na kurekebisha kwa nusu dakika, waliobaki wanapata ile hasara ya 5. 0.26 × (0.6 × 0.5 + 0.4 × 5) = 0.26 × 2.3, karibu 0.6. Ukiongeza ile 0.05 unafika 0.65, nusu ya zile mbili.

Basi kwenye ukumbusho usiulize. Kisia mapema na uonyeshe.

Onyo: hiyo 60 kwa 100 ya wanaoona kosa ipime, usiibuni. Kama mstari wako unasema tu "Imewekwa kesho 08:00", wale wanaohesabu kwa saa ya Kiswahili wataipita bila kushtuka. Iandike kwa namna zote mbili, saa 2 asubuhi na 08:00, ndipo jicho litakamata.

## Hatua ya 6: Rudia kwa kazi ya pili uone inavyogeuka

Miadi sasa. Maneno yaleyale, kosa dakika 90 kila upande, uwezekano 80 kwa 20.

Kukisia kimya ni 0.2 × 90 = 18. Kukisia ukionyesha, kurekebisha weka dakika 1, ni 0.2 × (0.6 × 1 + 0.4 × 90), inatoka karibu 7.3, ukiongeza kusoma inakuwa kama 7.4. Kuuliza: kero 0.5, wasiojibu 12 kwa 100 hatuwawekei nafasi bali tunawafuatilia mara ya pili, dakika 20 kila mmoja, hiyo ni 2.4, na wanaobonyeza vibaya 0.01 × 90 = 0.9. Jumla 3.8.

Hapa kuuliza kunashinda, na kunashinda kwa nusu. Sentensi ya mtu ni ileile, kilichogeuza uamuzi ni kinachovunjika nyuma yake.

Mpaka uko wapi? Tafuta uwezekano ambao kuonyesha na kuuliza vinalingana. Kosa moja kwenye kuonyesha linagharimu 36.6, kuuliza ni 3.8 na ukitoa 0.05 ya kusoma inabaki 3.75. 3.75 ÷ 36.6 ni karibu 0.10. Kwa hiyo uhakika ukifika asilimia 90 acha kuuliza, onyesha tu. Chini ya hapo uliza. Hiyo 90 sasa ina mama na baba, mtu akikuuliza umeitoa wapi unafungua jedwali.

Kwa anayeandika msimbo, sheria nzima ni hii:

```python
def amua(p, K, F, c, S, U, n, G, e, Kb):
    gharama = {
        "kisia":   (1 - p) * K,
        "onyesha": S + (1 - p) * (c * F + (1 - c) * K),
        "uliza":   U + n * G + e * Kb,
    }
    return min(gharama, key=gharama.get)
```

`p` ni uwezekano wa kupatia, `K` hasara ya kosa la kisio lako, `F` kurekebisha, `c` sehemu ya wanaoona kosa, `S` kusoma mstari, `U` kero ya swali, `n` wasiojibu, `G` hasara ya ukimya, `e` wanaobonyeza vibaya, `Kb` hasara ya kubonyeza vibaya. Kwenye ukumbusho `K` ni 5 ila `Kb` ni 60, ndiyo maana nimezitenganisha.

Halafu itikise. Meseji 200 zinakupa asilimia yenye kuyumba kama pointi 6 juu au chini. Ile 80 ya miadi iweke 86, bado iko chini ya 90, uamuzi haubadiliki, tulia. Ipandishe kero ya swali mara mbili, kuuliza kunakuwa 4.3, bado ni chini ya 7.4. Namba ambayo ukiisogeza kidogo uamuzi unageuka ndiyo ya kutafutia data zaidi, nyingine ziache.

Kazi ambazo haziwezi kurudishwa nyuma, mfano kufuta kumbukumbu zote au kutuma pesa, usizipitishe hapa kabisa. Hasara yake huwezi kuiandika kwa dakika kwa haki, na wastani unaficha yule mmoja aliyepoteza kila kitu. Hizo ziulize daima, na umfanye mtu aandike kiasi au jina mwenyewe badala ya kugusa batani ya ndiyo.

## Hatua ya 7: Andika swali ambalo halitengenezi utata mwingine

"Una uhakika?" litupe. Mtu ana uhakika, anajua alichomaanisha, asiyejua ni sistimu yako. Uliza kile ambacho hukijui, na weka majibu yenyewe:

"Miadi ya kesho: A. Saa 2 asubuhi (08:00)  B. Saa 8 mchana (14:00)"

Tumia herufi hapa. Ukiweka namba, mtu anajibu "2" na hujui amechagua jibu la pili au anarudia saa 2 yake, na umerudi kwenye utata uleule huku umeshalipa kero. Anza na jibu lenye uwezekano mkubwa, usizidishe matatu, na akijibu kwa maneno kama "asubuhi" upokee pia, usimrudishie "jibu si sahihi".

Kujua kama wanasoma, kwa meseji chache geuza mpangilio, 14:00 iwe A. Kama watu wanafuata maana, wanaochagua 08:00 wanabaki wengi vilevile hata ikiwa B. Kama wanafuata nafasi, A itapata kura zisizo zake, na hapo ile 1 kwa 100 ya kubonyeza vibaya siyo tena 1, irudishe kwenye hesabu na kuna uwezekano kuuliza kushindwe.

## Hatua ya 8: Jibu moja litumike mara nyingi

Hii inapunguza kero kuliko ujanja wowote wa maneno. Mtu akichagua saa 8 mchana baada ya kuandika "saa 2", hajakuambia kuhusu kesho tu, amekuambia kwamba anaandika saa kama simu inavyoonyesha. Ihifadhi. Meseji inayofuata yenye "saa 3" una sababu ya kudhani 15:00, na uhakika wako kwa mtu huyo unaweza kuvuka ule mpaka bila swali.

Kwenye hesabu ina maana kwamba kero ya 0.5 inagawanywa kwa meseji zote zijazo ambazo hutaziuliza. Mtu anayeandika kila wiki, muulize mapema hata kama leo hesabu ya meseji moja inasema onyesha tu. Mtu ambaye huenda hatarudi, usimtoze.

Ila usiifanye iwe ya milele. Akirekebisha mara mbili mfululizo ufute na uanze upya, simu moja hutumiwa na watu wawili na mtu mmoja huandika tofauti kazini na nyumbani.

## Hatua ya 9: Ukishaiwasha, endelea kuuliza wachache kwa bahati nasibu

Hili ndilo kosa la kimya. Ukiacha kuuliza kwenye kundi fulani, unaacha pia kupata ukweli wa kundi hilo. Anayekumbushwa saa mbaya mara nyingi halalamiki, anaacha kutumia tu, na logi yako inaonyesha makosa sifuri. Kwa hiyo pale ambapo sheria inasema kisia, uliza 5 kwa 100 kwa bahati nasibu. Hao ndio macho yako.

Kila mwezi angalia vitu viwili. Cha kwanza, kwenye hao 5 kwa 100, kisio lilipatia kiasi gani ukilinganisha na uwezekano ulioutumia. Ulisema 93 na imetoka 85, mpaka wa miadi ni 90, maana yake kundi hilo lilipaswa kuulizwa na halikuulizwa, lihamishe. Cha pili, kwenye wale walioulizwa kwa sheria, wangapi wamechagua jibu lile la kwanza ambalo ungelikisia. Kama ni 97 kwa 100 unawasumbua bure, uwezekano wako uko chini ya ukweli, upandishe na maswali yatapungua yenyewe. Kama ni 75 au 80, swali linafanya kazi yake.

Na kila unapobadilisha maneno ya mstari au swali, pima upya wanaoona kosa na wasiojibu kabla hujagusa kitu kingine, maana namba hizo mbili ni za sentensi uliyoandika, zile za zamani haziihusu tena.